Mchoro wa Joto la Bahari Tuliousoma kwa Hatua

Mwaka ule mwani ulikuwa umekufa kaskazi nzima, na wakulima wa kijiji kimoja cha kusini-mashariki mwa Unguja walitaka kujua kwa nini. Sisi tulikuwa tumefunga vifaa viwili vidogo kwenye kigingi katikati ya shamba lao, kimoja cha kupima joto la maji na kimoja cha kupima kina, na kila baada ya nusu saa viliandika kipimo. Kwa mwezi wa Februari peke yake hiyo ni nukta 1344 kwa kila kifaa. Mchoro uliotoka humo ulikuwa na mistari miwili iliyopanda na kushuka kwa wingi hata ikaonekana kama nyuzi zilizosokotana, ukiwa na vipimo viwili tofauti kushoto na kulia, na chini yake tarehe pamoja na alama za mwezi. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuueleza katika darasa la skuli ya kijiji, mbele ya akina mama wa kikundi cha mwani, masheha wawili na maofisa wa uvuvi.

Niliamua kwamba mistari isionekane kwanza. Nilitengeneza picha kadhaa za mchoro uleule, na katika picha ya kwanza kulikuwa na fremu na mihimili tu. Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo ni rahisi kulisahau: programu za kompyuta hujipangia zenyewe vipimo vya mhimili kulingana na data iliyomo, kwa hiyo ukiuondoa mstari mmoja, mihimili hubadilika, na ukiurudisha, kila kitu huruka mahali pake. Mtazamaji aliyekwisha kujifunza kwamba mahali fulani ni nyuzi 30 hujikuta anaanza upya. Nilifunga mwanzo na mwisho wa kila mhimili kwa mkono ili picha zote zifuatane bila chochote kuhama.

Nilianza na mhimili wa chini. Kila mraba ni siku moja, nikasema, na mstari mwembamba ulio katikati ya mraba ni saa sita mchana. Kifaa kilikuwa kimeandika muda kwa mtindo wa saa 24, lakini niliubadilisha wote uwe saa za Kiswahili, kwa sababu maelezo yote yaliyokuwa yanakuja yalitegemea saa ya siku. Kisha nikaenda mhimili wa kushoto, ambao ni kina cha maji pale kwenye kigingi. Badala ya kutaja sentimita peke yake, niliandika kando yake kifundo cha mguu, goti, kiuno na kichwa, na nikawaomba wanionyeshe ni wapi kazi ya kufunga mwani hufanyika. Walionyesha kati ya kifundo na goti, na tangu hapo mhimili ule ukawa wao.

Mhimili wa kulia, wa joto, ulihitaji subira zaidi. Ulianzia nyuzi 24 badala ya sifuri, na niliwaeleza waziwazi kwamba nimefanya hivyo kwa sababu bahari yetu haifiki baridi ya chini ya hapo, na kwamba kwa ajili hiyo mabadiliko madogo yataonekana makubwa. Nilitia rangi hafifu kati ya nyuzi 25 na 30, ambako mwani mnene hustawi. Tena nikasema jambo ambalo katika michoro ya mihimili miwili ya wima naliona ni la lazima: mahali mstari wa kina utakapokutana na mstari wa joto hapana maana yoyote, kwani ningeweza kuyahamisha makutano hayo kwa kubadilisha vipimo tu. Kinachofaa kutazamwa ni wakati gani mmoja unapanda na mwingine unashuka.

Ndipo nikaleta mstari wa kina, peke yake. Sikuhitaji kueleza sana. Bibi mmoja aliyekaa mbele alisimama, akaweka kidole mahali ambapo mstari ulipanda juu mno na kushuka mno, akasema, "Hili bamvua, mwanangu, na pale ulipokonda ni maji mafu." Waliokuwa nyuma yake walikubali kwa sauti. Bahari ile waliijua kuliko mimi. Kigeni kwao kilikuwa karatasi, na sasa karatasi nayo ilikuwa imefunguka.

Picha iliyofuata ilileta joto. Mstari huo una mambo mengi ndani yake: hupanda mchana na kushuka usiku, hupoa siku ya mawingu, hubadilika upepo unapovuma. Yote hayo niliyaacha kwa makusudi na nikawaomba watafute kitu kimoja tu, yaani siku ambazo joto lilipita nyuzi 33. Siku hizo hazikutawanyika ovyo. Zilikuwa mafungu mawili, na kila fungu lilianguka siku chache baada ya mwezi mpevu au baada ya mwezi kuandama.

Nilingoja hadi kila mtu ameyaona mafungu yale kabla sijaanza kueleza maana, kwa sababu maelezo yakitangulia, msikilizaji huyakubali au huyakataa bila kuuangalia mchoro. Sababu ilikuwa katika mhimili wa chini tuliokwisha kuusoma. Katika pwani yetu, siku ya mwezi mpevu maji hupwa kabisa yapata saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata hupwa kwa kuchelewa karibu dakika 50. Siku mbili hadi nne baadaye, kupwa kunaangukia saa sita hadi saa saba, jua likiwa utosini, na maji yaliyobaki juu ya mwani ni ya kifundo tu. Maji machache hupata moto haraka. Wakati wa maji mafu hali hugeuka: adhuhuri maji yamejaa, hupwa jioni na alfajiri, na hata yakipwa hayashuki chini ya kiuno. Jua ni lilelile, ila lina maji mengi ya kupasha.

Ofisa mmoja aliuliza kuhusu ncha mbili kali zilizofika nyuzi 38. Nilimrudisha kwenye mstari wa kina, ambao saa hizo uligusa sifuri. Kifaa kilikuwa kimebaki nje ya maji, kikipima jua na hewa, kwa hiyo ncha hizo hatukuzihesabu kuwa joto la bahari, ingawa mwani uliokuwa umelala mchangani saa hizo uliungua kweli.

Mama mwingine aliuliza kwa nini mwani wake ulikufa pia wakati wa masika. Nilimjibu kwamba mchoro huu ni wa Februari na wa kigingi kimoja, na hauwezi kulijibia swali hilo. Mvua kubwa hupunguza chumvi ya maji ya kina kifupi, na kifaa chetu hakikupima chumvi.

Mazungumzo yaliyobaki hayakunihitaji sana. Baadhi walipendekeza kuvuna kabla ya bamvua za kaskazi hata kama mwani haujakomaa vizuri, wengine wakataka kuhamishia kamba kwenye maji ya kiuno. Yule bibi wa mbele akauliza nani atawapeleka huko, kwani kikundi kilikuwa na mtumbwi mmoja na wengi wao hawajui kuogelea, na sheha akaanza kuandika majina ya wenye vyombo.