Kosa lisilozaa: nilivyojifunza kuitambua njia isiyo ya mwanafunzi

Mwanafunzi akikosea alama ya kutoa kwenye mstari wa pili, kosa hilo huzaa. Mstari wa tatu unalirithi, wa nne unalirithi, na chini kabisa linatokea jibu la ajabu: muda ulio hasi, au baiskeli inayokwenda kasi kuliko ndege. Ndivyo nilivyozoea kusahihisha fizikia na kemia. Nakuta jibu limepinda, napanda nalo juu mstari kwa mstari mpaka nimpate mzazi wake, natoa alama za njia kwa kilichobaki, kisha navuta daftari jingine.

Kilichonisumbua, tangu wanafunzi walipoanza kufanyiwa kazi za nyumbani na programu za akili mnemba kwenye simu za kaka na dada zao, ni makosa yasiyozaa. Mstari umekosewa waziwazi, lakini mistari iliyo chini yake inaendelea kana kwamba haukuandikwa, na jibu la mwisho ni sahihi.

Nichukue swali moja nililolitoa. Jiwe linarushwa wima kwenda juu kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, kutoka juu ya jengo lenye kimo cha mita 25. Litafika chini baada ya sekunde ngapi, g ikiwa 10? Nalipenda swali hili kwa sababu lina mtego mmoja tu. Ukishasema juu ni chanya, basi ardhi iko mita 25 chini ya pale jiwe lilipoanzia, kwa hiyo s ni −25. Unaandika −25 = 20t − 5t², unapanga upya, unapata t² − 4t − 5 = 0, yaani (t − 5)(t + 1) = 0. Muda ni sekunde 5, ile −1 unaitupa.

Daftari mojawapo lilikuwa na hii:

```
s = 25, u = 20, g = 10
25 = 20t − 5t²
t² − 4t − 5 = 0
(t − 5)(t + 1) = 0
t = 5
```

Jibu ni lenyewe. Lakini hebu panga mstari wa pili kwa mkono wako. Ukianza na 25 = 20t − 5t² hufiki t² − 4t − 5 = 0 hata ukeshe. Unafika t² − 4t + 5 = 0, na huo hauna jibu, kwa sababu b² − 4ac inatoka 16 − 20, yaani −4. Na fizikia yenyewe inakubali kwamba haliko: jiwe lililorushwa kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde hupanda mita 20 tu, basi. Mlinganyo ule unauliza ni lini jiwe litakuwa mita 25 juu ya jengo. Halitakuwa.

Kwa hiyo aliyeandika mstari wa pili hakuutumia kupata mstari wa tatu. Mstari wa tatu ulitoka kwingine.

Wanafunzi wengine walioanza na 25 chanya, na walikuwa wengi, walifika kwenye −4 ndani ya kipeuo cha pili na hapo ndipo kazi yao inapopendeza kuisoma. Mmoja kakata kata, kaandika upya, kakata tena, kaacha. Mwingine kaifuta ile alama ya kutoa kimyakimya, kipeuo cha 4 kikawa 2, akapata sekunde 3 au sekunde 1, akachagua 3. Ni kosa baya kabisa, lakini lina ukoo: naliona lilikotoka na naliona lilikokwenda.

Daftari lile halikuwa na mkato hata mmoja. Juu ya mstari wa pili palikuwa na sentensi ya Kiingereza kilichonyooka, maana yake: kwa kuwa kimo cha jengo ni mita 25, umbali unaosafiriwa ni chanya 25. Na mwisho palikuwa na uhakiki: tukiweka t = 5 kwenye mlinganyo, tunaona jibu linakubaliana na kimo cha jengo. Liweke basi. 20 mara 5 ni 100, 5 mara 25 ni 125, 100 kutoa 125 ni −25. Uhakiki huo ungefanywa kweli ungemshitua aliyeufanya, maana ungemtolea −25 mahali alipoandika 25. Ulitangazwa tu, haukufanywa.

Hapo ilibidi nijizuie, kwa sababu kosa lisilozaa halithibitishi akili mnemba. Kudesa kulikuwepo kabla ya simu. Mtoto anayenakili njia sahihi ya jirani yake na kuruka alama moja ya kutoa ataacha alama ileile: mstari mmoja mbovu, iliyobaki mizima. Nilikaa na jambo hili kwa muda, na kilichonisaidia kuzitenganisha hali hizi mbili ni ile sentensi. Anayeruka alama wakati wa kunakili haandiki sababu ya kuiruka. Anaangusha tu, hata hajui kaangusha. Katika daftari lile alama haikuanguka, ilitolewa hoja ya kutokuwepo, kisha mistari miwili mbele ikarudi bila hoja. Kosa lililotetewa kwa kujiamini, halafu likaachwa bila neno. Mwanafunzi huwa hafanyi hivyo. Anayeamini 25 ni chanya anaendelea kuiamini mpaka imuumize, na anayegundua haiwezekani anarudi juu kuirekebisha.

Programu hizi huandika kipande kwa kipande, kila kipande kikichaguliwa kwa kuwa kinaelekea kufuata vilivyotangulia. Maswali ya jiwe na jengo yamejaa kila mahali, na t² − 4t − 5 = 0 ni mlinganyo ulioandikwa mara nyingi mno, unaogawanyika vizuri. Kwa hiyo mlinganyo unaofanana na maswali ya aina hiyo unaweza kuja hata kama mstari wa juu yake hauuruhusu. Wenye kuzitengeneza wanalijua tatizo hili. Mwaka 2023 OpenAI ilitoa utafiti ambao watu walipitia majibu ya hisabati hatua kwa hatua na kuweka takribani alama 800,000, hatua hii sawa, hii si sawa, ili programu isisifiwe kwa jibu la mwisho peke yake. Niliposoma habari hiyo nilicheka kidogo. Ni alama za njia zilezile tunazozitoa kila siku kwa kalamu nyekundu.

Nilichobadilisha katika kusahihisha ni mwendo wa macho. Nafunika ukurasa kwa karatasi na kuacha mistari miwili tu inayofuatana, kisha najiuliza: huu wa chini unatoka kwa huu wa juu? Nashuka hivyo mpaka mwisho, hata kama jibu ni sahihi, na hasa likiwa sahihi. Inachukua muda, sitadanganya, kwa hiyo siwezi kufanya kwa kila swali. Nachagua swali moja lenye mtego wa alama au wa uwiano, mengine nasahihisha kawaida.

Nikikuta mstari yatima, simwiti mwanafunzi kumshitaki. Namwita ubaoni. Mwenye daftari lile nilimwandikia mstari wake wa pili, 25 = 20t − 5t², nikamwambia aendelee bila daftari.

Akapanga. Akafika t² − 4t + 5 = 0. Akasimama.

"Mwalimu, hii ni kutoa tano."

"Imekuwaje kutoa?"

Kimya. Akarudi mstari wa juu, akautazama, akaweka alama ya kutoa mbele ya 25 kwa wasiwasi, kama mtu anayejaribu ufunguo. Nikamuuliza hiyo ya kutoa maana yake nini kwa jiwe, akashindwa. Nikabadilisha jengo likawa la mita 60. Mwenye kuelewa anaandika −60 na kupata t² − 4t − 12 = 0, sekunde 6, haichukui dakika mbili. Yeye aliandika 60 chanya, akazama palepale. Baadaye alinieleza mwenyewe kuwa aliinakili kutoka kwenye simu ya kaka yake. Sikumnyima alama zote. Nilimpa swali la mita 60 alirudie kesho yake mbele yangu baada ya kulichora, jengo, jiwe, mshale wa juu na mshale wa chini. Mchoro ndio uliomfungua, ile alama ya kutoa ikawa na mahali pa kukaa.

Niseme na upande wa pili, maana kipimo hiki kinaweza kumwonea mtu. Katika kemia niliwapa swali la tindikali na kabonati: sentimita za ujazo 25 za Na₂CO₃ zinamalizwa na sentimita za ujazo 20 za HCl yenye 0.1 M, tafuta molariti ya kabonati. Msichana mmoja aliandika mlinganyo uliosawazishwa vizuri, Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂, akaandika na uwiano wa 1 kwa 2 pembeni, kisha akakokotoa kana kwamba uwiano ni 1 kwa 1. Akapata 0.08 M badala ya 0.04 M. Mwandiko safi, hakuna mkato, kosa moja. Mwenzangu wa ofisini aliliona akasema moja kwa moja, hii ni simu.

Lakini kosa lile lilikuwa limezaa. Moli 0.002 za tindikali zilipaswa kugawanywa kwa mbili, hazikugawanywa, na kila namba iliyofuata ilikuwa mara mbili ya inayotakiwa mpaka jibu. Sehemu ya pili ya swali, iliyotaka gramu kwa kila lita, nayo ilitoka mara mbili, 8.48 badala ya 4.24. Nilipomuuliza alijibu papo hapo: maabara walikuwa wametumia NaOH na HCl, moja kwa moja, akadhani kanuni ile ya MV = MV ni ya kila tindikali. Hilo ni kosa langu la kulifundishia kesho, si kesi ya nidhamu.

Kuna jambo jingine linalopunguza nguvu ya kipimo. Programu mpya zinakosea maswali ya namna hii kwa nadra kuliko zile za mwanzo, na ukilipiga picha swali la jiwe leo, mara nyingi utapata −25 kwenye mstari wake. Njia ikiwa safi kuanzia juu hadi chini, kufunika ukurasa hakuniambii chochote. Kwa hiyo mwanzo wa kipindi namwita mmoja au wawili ubaoni, na safari hii nawaachia mstari sahihi. Nabadilisha namba moja tu, na kumwomba anieleze alama ya kutoa imetoka wapi.