Nilivyozitoa akiba zangu benki ilipogoma

Alhamisi tarehe 19 nilikuwa nahitaji dola 2,300 za kuhamia nyumba mpya hapa Columbus, Ohio: kodi ya mwezi wa kwanza na amana. Mwenye nyumba alitaka hundi ya benki kufikia Ijumaa ya tarehe 27, la sivyo anampa mtu mwingine. Pesa ninazo, tena kwenye akaunti ya akiba zilikuwa zaidi ya hizo. Nikafungua programu ya benki nizihamishie kwenye akaunti ya matumizi, ikakataa. Nimefikisha mara sita kwa mwezi, haihamishi tena.

Mara sita? Mimi nilikumbuka mbili tu.

Binamu yangu, mwenyeji wa nchi hii kwa miaka mingi, aliniambia, "Dada, hiyo ni sheria ya serikali, hakuna mjadala. Subiri tarehe 1." Nilimwamini, na hilo linaniudhi mpaka leo, kwa sababu alikosea mara mbili. Kweli Benki Kuu ya Marekani ilikuwa na Kanuni D, iliyozilazimisha benki kuweka kikomo cha mara sita kwa mwezi kwenye akaunti za akiba. Lakini Aprili 2020 ililiondoa sharti hilo. Tangu hapo kila benki inaamua yenyewe, na yangu iliamua kulibakiza kwenye mkataba wake. Kosa la pili ni ile tarehe 1. Benki yangu inahesabu kwa mzunguko wa taarifa ya akaunti, na wangu huanza tarehe 5. Ningekaa kusubiri tarehe 1, ningekataliwa tena, na nyumba imeshakwenda.

Kwa kuwa tarehe 1 ilikuwa mbali hata hivyo, nilijaribu kuzivuta pesa kutoka upande wa pili. Nina akaunti ndogo kwenye benki nyingine. Nikaingia huko, nikaandika namba za akaunti yangu ya akiba, wakasema watatuma viwango viwili vya senti chache ili nithibitishe kuwa akaunti ni yangu. Senti hazikufika Ijumaa. Jumamosi na Jumapili hakuna kitu. Zilifika Jumatatu, nikaviandika vile viwango, nikaomba dola 2,300. Programu ikaonyesha pesa ziko njiani, nami nikalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza wiki ile. Jumatano ombi likarudishwa. Kwa benki yangu, kuvutwa na benki nyingine ni kuhamisha vilevile, kwa hiyo lilihesabiwa la saba. Nikakatwa na ada juu yake, kama dola kumi na kitu. Siku sita zimepotea, nimebakiwa na mbili.

Usiku huo nilipitia taarifa ya akaunti mstari kwa mstari, jambo nililopaswa kulifanya siku ya kwanza. Uhamisho wangu ulikuwa miwili kweli. Mingine minne iliandikwa `Overdraft Transfer`. Nilipofungua akaunti nilikubali kwamba akaunti ya matumizi ikipungukiwa, benki ichukue kutoka kwenye akiba ijazie. Basi nilipojaza mafuta pungufu ya dola nane, ikachukua. Bili ya simu, ikachukua. Mara mbili tena dukani. Kila kijidola kilichovuka kilihesabiwa sawa na dola elfu.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini, nikaenda tawini na taarifa yangu mkononi. Keshia, mama mtu mzima, aliisoma akaniuliza, "Kwani unataka kuhamisha, au unataka hundi?" Nikamwambia mwisho wa yote ni hundi. Akanieleza kwamba kikomo kinahusu uhamisho wa mtandaoni, wa simu na ule unaojiendesha wenyewe. Anayetoa pesa mwenyewe dirishani hahesabiwi, wala anayetoa taslimu kwenye mashine ya ATM, ila mashine yao ina kikomo chake cha dola 500 kwa siku. Hundi akaiandika moja kwa moja kutoka kwenye akiba, bila pesa kupita akaunti ya matumizi hata kidogo. Ada ilikuwa kama dola kumi, na sikukaa pale hata robo saa.

Kabla sijaondoka nilimwomba aufunge ule ujazaji wa kujiendesha. Aliniuliza mara mbili kama naelewa kwamba sasa kadi itakataliwa nikiishiwa. Naelewa, na ndivyo ninavyotaka. Sasa nahamisha mara moja tu kwa mwezi, siku ya mshahara, kiasi cha matumizi yote. Akanionya pia kwamba mtu akivuka kikomo miezi kadhaa, mkataba unairuhusu benki kuigeuza akaunti ya akiba kuwa ya matumizi, na riba inakwisha hapo.

Ijumaa saa nne asubuhi nilikabidhi hundi nikapewa funguo. Jioni binamu alikuja kunisaidia kubeba godoro. Nilimkalisha kwenye maboksi nikamwambia afungue taarifa yake mwenyewe. Tulikuta `Overdraft Transfer` tatu.