Siku moja maishani mwangu: Jumatatu ya taarifa ya malaria

Saa mbili asubuhi nafungua chumba, nafuta meza, napanga rejesta. Natunza takwimu za zahanati moja mkoani Kigoma, na Jumatatu ni siku ya kutuma taarifa ya malaria ya wiki iliyoisha jana. Watu hudhani kazi yangu ni kujumlisha tu.

Saa tatu najumlisha tali za wagonjwa wa nje, vile vijiti vya tano tano vilivyokatwa mshazari. Malaria iliyothibitishwa: 37. Rejesta ya maabara inasema 33.

Hapo ndipo asubuhi yangu ilipozama. Nilirudi kwenye Kitabu namba 5 cha MTUHA, yaani rejesta ya wagonjwa wa nje, jina kwa jina, rula chini ya kila mstari nisiruke. Mmoja nilimpata haraka: alipimwa Jumanne akakutwa na malaria, Ijumaa akarudi kichwa kikimuuma, akaandikwa kama mgonjwa mpya. Huyo ni marudio. Watatu waliobaki wote walikuwa wa Jumamosi, na safu yao ya kipimo ilikuwa tupu. Nikampigia muuguzi aliyekuwa zamu.

"Shikamoo dada. Wale watatu wa Jumamosi walipimwa?"

"Marahaba. Ningewapima na nini, mdogo wangu? Kabati la vipimo lilikuwa limefungwa, ufunguo umeondoka na mtu wa maabara. Watoto wanachemka, nikawapa dawa ya mseto."

Sikuwa na la kumlaumu. Lakini kutibiwa malaria si kuthibitishwa kuwa na malaria, kwa hiyo nikawatoa kwenye waliothibitishwa.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipogeukia waliopimwa. Vipimo vya haraka 98 vilitumika, ila viwili mstari wa C haukutokea. Kisichoonyesha mstari huo hakina jibu, hata la "hana", na wagonjwa hao walirudiwa kwa vipimo vingine. Waliopimwa wakapata jibu ni 96. Gawanya 33 kwa 96, zidisha kwa 100: asilimia 34.4. Ningeacha ile 37, ingesomeka 38.5, na wilayani wangeona malaria imepanda kumbe ni kabati lililofungwa.

Bado umri. Mtoto wa miaka 5 na mwezi mmoja alikuwa amewekwa na walio chini ya miaka 5. Nikamhamisha, yeye na kipimo chake, maana ukihamisha mgonjwa ukaacha kipimo, asilimia za makundi yote mawili zinapotoka. Walio chini ya miaka 5: 15 kati ya 38. Miaka 5 na zaidi: 18 kati ya 58.

Macho yalikuwa yanawasha, chai imepoa zamani. Nilituma taarifa kwa simu, nikaandika pembeni "watatu walitibiwa bila kupimwa", kisha nikaenda maabara kuomba ufunguo wa pili wa kabati.