Nilivyochora ramani ya mafuriko ya Msimbazi, na mto wangu ulivyopita juu ya mabati ya watu

Wacha niseme mapema, mimi sikusomea ramani. Nilisomea uhasibu. Ila naishi Kigogo, Dar, kando ya mto Msimbazi, na mtu ukikaa Kigogo mvua ya masika ikianza kupiga usiku unalala jicho moja, sasa mwenyekiti wa mtaa alivyosema anataka ramani ya nyumba zilizo hatarini ili wajue waanze kuhamisha nani, mimi na kiherehere changu nikanyoosha mkono. Nilishawahi kuicheza QGIS kidogo, programu ya kuchora ramani kwenye kompyuta, ni ya bure, nikajua wiki moja imeisha. Imenichukua karibu miezi miwili na bando sijui la shilingi ngapi, sitaki hata kupiga hesabu.

Ushauri wa kwanza niliopewa ndio ulioniharibia. Jamaa mmoja anayejiita mtaalamu akaniambia "we pakua data ya mwinuko, paka nyekundu sehemu zote za chini, bluu sehemu za juu, ramani hiyo." Nikapaka. Ilipendeza kweli. Kuanzia Jangwani hadi daraja la Salenda kote nyekundu, huku kwetu rangi ya chungwa hafifu, na ukipanda juu kuelekea Pugu mto unakotokea kote bluu safi kabisa, kana kwamba huko juu hakuna mtu aliyewahi kuingiliwa na maji ndani. Nikamwonesha jirani yangu akacheka. Akasema kwa hiyo Desemba 2011 tulivyokuwa tumepanda juu ya paa tulikuwa tunaota jua?

Kosa ni kwamba mwinuko ule unapimwa kutoka usawa wa bahari, na mafuriko ya mto hayajali bahari iko wapi, yanajali wewe uko juu ya mto kwa kiasi gani. Chukua nyumba mbili, namba nimezizungusha ziwe rahisi. Ya kwanza iko mita 12 kutoka usawa wa bahari, lakini mto hapo karibu yake uko mita 10, maana yake mto ukipanda mita mbili tu maji yamefika mlangoni. Ya pili iko mita 9, chini kuliko ya kwanza, lakini mto kwake uko mita 2, kwa hiyo ina mita saba za kupumua. Ramani ya jamaa ingeipaka nyekundu ya pili na kuiacha ya kwanza ilale usingizi.

Nitarudi kwenye hilo, ila ngoja kwanza niwasimulie aibu yangu ya mto, maana bila kuelewa hapa hizi tabaka haziunganiki kamwe.

GIS, yaani hii kazi ya ramani za kompyuta, watu wanadhani ni kupanga picha juu ya picha kama karatasi za plastiki. Siyo. Kila tabaka, iwe mto, iwe mwinuko, iwe nyumba, inabeba namba za mahali, na programu inazikutanisha kwa hizo namba. Sasa nyumba nilizitoa OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe, na Dar tuna bahati kwa sababu mradi wa Ramani Huria ulianza 2015 na wanafunzi wa vyuo pamoja na watu wa mitaani wakachora mpaka mitaro. Mto nikaletewa kwenye flashi, umenakiliwa kutoka ramani za zamani. Programu ikaniuliza hili faili ni la mfumo gani wa kuratibu, yaani hizo namba za mahali zimehesabiwa kwa utaratibu upi, mimi nikachagua EPSG:32737, ule wa kisasa wa ukanda wetu, kwa sababu ndio niliokuwa nautumia kwingine kote. Bonyeza OK, twende.

Mto Msimbazi ukatokea umepita juu ya mabati. Umekata nyumba, umekata barabara, umeliacha bonde lake upande mwingine kama mlevi aliyekosa njia ya kwao. Nikasema sawa, hawa waliochora walikosea, nikaanza kuusogeza kwa mausi. Jamani. Nilikaa usiku mbili nasogeza nukta moja moja! Mke wangu akaniuliza "baba, huo mto unaupeleka wapi?" na nilikuwa sina jibu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mpima ardhi mstaafu anayekunywa kahawa pale kijiweni. Nikamwamkia, nikamfungulia laptopu, hakuangalia hata dakika.

"Umekosea kiasi gani, kote sawa?"

"Karibu mita 300 mzee, kote sawa."

"Basi mto hauna kosa kijana. Hizo ni namba za Arc 1960, wewe umeziambia ni za GPS."

Ramani zetu za zamani zilipimwa kwa umbo la dunia lingine, Arc 1960, na vipimo vya setilaiti vinatumia WGS84, kwa hiyo namba zilezile zinaangukia sehemu mbili tofauti ardhini. Ukiona tabaka imehama yote kwa kipimo kimoja na upande mmoja, usiguse mausi, ni mfumo wa kuratibu huo. Ikiwa imepinda hapa sana na pale kidogo, hapo ndio mchoraji alaumiwe. Na kuna mtego ndani ya mtego: `Set Layer CRS` inabadilisha lebo tu, haigusi namba hata moja. Kwa hiyo nikaanza kwa kubandika lebo ya kweli, EPSG:21037, halafu ndio nikatumia `Reproject Layer` kuipeleka EPSG:32737, na hii ndiyo inayopiga hesabu upya. Mto ukarudi kitandani kwake wenyewe. Usiku mbili zangu zikawa zimeenda bure.

Mwinuko nao ulikuwa na kituko chake ila nitafupisha. Data ni ya SRTM, ilipimwa kwa rada kutoka chombo cha anga Februari 2000, na inakuja kwa digrii. Nikaiambia ipige mteremko hivyohivyo, Dar nzima ikawa na mteremko wa digrii 89, yaani tunaishi ukutani. Umbali wa kulala uko kwenye digrii na kimo kiko kwenye mita, programu inavigawanya tu haijui. Igeuze kwenda mita kwanza.

Sasa kile ninachojivunia, kimo juu ya mto. Nikaweka nukta kwenye mto kila baada ya mita 100 (`Points along geometry`). Kila nukta nikataka ijue mto hapo uko juu kiasi gani. Mara ya kwanza nilisoma mwinuko palepale kwenye nukta, ikatoka mto unapanda kilima halafu unashuka, kwa sababu chumba kimoja cha SRTM, yaani kimraba kimoja cha data chenye namba moja ya mwinuko, ni kama mita 30 kwa 30 na nukta nyingine zilikuwa zinaangukia ukingoni au juu ya miti. Nikachora duara la mita 60 kuzunguka kila nukta, nikaiambia `Zonal statistics` inipe kipimo cha chini kabisa ndani ya duara. Mto ukaanza kushuka kama mto. Halafu nikatandaza hizo namba za mto juu ya bonde zima kwa `IDW Interpolation`, nikapata kama shuka la uso wa mto lililotanuliwa mpaka kwenye nyumba za watu, na baada ya hapo ni kutoa tu, mwinuko uliogeuzwa kwenda mita toa uso wa mto:

```
"dem_utm@1" - "uso_mto@1"
```

Mstari mmoja! Kila chumba sasa kinasema niko mita ngapi juu ya mto wangu. Ila msisahau vijito. Mimi nilianza na Msimbazi peke yake, nyumba zilizo kando ya Luhanga na Sinza zikaonekana ziko salama kwa sababu mto mkubwa uko mbali nazo.

Kuunganisha sasa. Huwezi kujumlisha mita za kimo na mita za umbali na digrii za mteremko, ni kama kujumlisha sukari na dakika, kwa hiyo kila tabaka niliigeuza alama za 1 mpaka 5, tano ndio hatari. Mita 2 au pungufu juu ya mto alama 5, zaidi ya mita 2 mpaka 4 alama 4, mita 4 mpaka 6 alama 3, mpaka 10 alama 2, zaidi ya hapo 1. Umbali kutoka mtoni na mteremko hivyohivyo. Halafu uzito:

```
"a_kimo@1" * 0.5 + "a_umbali@1" * 0.3 + "a_mteremko@1" * 0.2
```

Rudi kwenye nyumba zetu mbili. Ya kwanza ina kimo 5, iko karibu na mto 5, mteremko 4, inatoka 2.5 na 1.5 na 0.8, jumla 4.8. Ya pili ina 2, 2 na 4, inatoka 1.0 na 0.6 na 0.8, jumla 2.4. Zimebadilishana nafasi na ile ramani ya rangi. Msiniulize hizo 0.5 na 0.3 zimetoka mbinguni, ni makisio yangu, na kilichonisaidia ni kuzichezea: nilipunguza umbali nikaongeza kimo, nikaangalia nyumba gani zinahama rangi. Zilizobaki nyekundu kila mara ndio nilizozipeleka mbele. Umbali na kimo vinafanana sana, aliye karibu na mto mara nyingi yuko chini pia, kwa hiyo ukivipa vyote uzito mkubwa unahesabu kitu kimoja mara mbili.

Mpaka hapo ramani inaonesha ardhi tu, haijui kama kuna mtu au kuna bustani ya mchicha. Tabaka ya nyumba ndio ikaingia mwisho, kila nyumba ikapewa alama ya chumba ilichokalia.

Nikaichapa kubwa stesheneri, rangi ilinigharimu kama ya kuku wawili hivi, nikaipeleka ofisi ya mtaa. Bibi mmoja akaitazama kidogo akaweka kidole kwenye nyumba niliyoipaka kijani. "Mwanangu, hapa 2011 maji yalinifika kifuani." Nikaenda naye, alama ya tope bado iko ukutani chini ya chokaa. Uani kuna miembe mikubwa minne. Rada ya SRTM haikuona uwanja wake, iliona majani ya miembe, na kwa kuwa inatoa mita nzima nzima, mwembe mmoja mzuri unakupandisha daraja mbili. Baada ya hapo nikazunguka na futi kamba nyumba ishirini na kitu, napima alama za tope za zamani, nalinganisha na kimo cha ramani. Penye miti na penye mabati yaliyobanana ndipo ilipokuwa inadanganya, kwingine ilikaa vizuri.

Mwenyekiti akaniuliza kama ramani inaweza kumwambia maji yatafika saa ngapi. Hapana, mvua haimo humo kabisa, wala mtaro uliozibwa na taka jana, hiyo inataka mtu wa kupiga hesabu ya maji yanavyotembea na mimi ni mhasibu. Ameibandika ukutani hivyohivyo, na watu wakipita wanaiandikia kwa kalamu: "hapa hadi dirishani", "hapa mtaro umeziba". Kila Jumamosi naenda kunakili.