Kesi moja, miaka mitatu: nilivyoacha kukosea marejeo ya hukumu

Ushauri nilioupata mwanzoni ulikuwa mwepesi mno: chukua mwaka ulio kwenye mabano, ubandike mbele ya jina la kesi, umemaliza. Kwa insha za sheria ya katiba ya Tanzania, ushauri huo ni mbovu, na bado unaniudhi kila nikiusikia.

Chukua kesi ya Ndyanabo, ile iliyofuta sharti la mlalamikaji wa uchaguzi kuweka shilingi milioni 5 mahakamani kabla hajasikilizwa. Ukurasa wa kwanza wa hukumu umeandikwa "CIVIL APPEAL NO. 64 OF 2001". Hukumu yenyewe ilitolewa Februari 2002. Ripoti iliyoichapisha ni Tanzania Law Reports, yaani TLR, ya 2004. Miaka mitatu, kesi ile ile, na kila mmoja una kazi yake: wa kwanza ni wa namba ya rufaa, wa pili ni wa uamuzi, wa tatu ni wa kitabu.

Kwenye tanbihi kwa mtindo wa OSCOLA, unaotakiwa ni mwaka wa kitabu:

```
Julius Ishengoma Francis Ndyanabo v Attorney General [2004] TLR 14 (CA)
```

Mabano ni ya mraba kwa sababu juzuu za TLR hutambuliwa kwa mwaka. Bila 2004 hujui ushike kitabu kipi. Ripoti za zamani za EACA, za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, zilihesabiwa mfululizo, namba ya juzuu inatosha, kwa hiyo mwaka wake unakaa kwenye mabano ya duara. Jina la kesi ni italiki, "v" haina nukta, na zile herufi kubwa na "VERSUS" za kwenye hukumu iliyopigwa chapa usizihamishe. Ukishalitaja jina kamili ndani ya sentensi, tanbihi ianzie kwenye [2004].

Kasheshe ilianza nilipotakiwa kuigeuza insha kutoka tanbihi kwenda mtindo wa jina na mwaka. Nilidhani Zotero, programu ya kupanga marejeo, ingemaliza kazi kwa kubofya mara moja. Haikumaliza, na sababu yake inafaa kujulikana: kwenye fomu ya kesi kuna kisanduku kimoja tu cha tarehe, `Date Decided`. Ukiandika 2002 humo, tanbihi inaweza kutoka "[2002] TLR 14", na msomaji akifungua juzuu ya 2002 ukurasa wa 14 hatamkuta Ndyanabo. Ukiandika 2004, tanbihi inapona, lakini mtindo wa APA, ambao hutaka mwaka wa uamuzi, unadanganya. Nilibadilisha kisanduku hicho huku na huku mpaka nikakubali kwamba kisanduku kimoja hakibebi miaka miwili. Siku hizi kesi za TLR naziandika kwa mkono, kutoka kwenye jedwali langu lenye safu za jina, namba ya shauri, mwaka wa uamuzi, ripoti na ukurasa. Kwenye orodha ya marejeo naandika hivi:

```
Julius Ishengoma Francis Ndyanabo v. Attorney General, [2004] TLR 14 (Court of Appeal of Tanzania, 2002).
```

Ndani ya insha inabaki jina la kesi, kwa italiki, na 2002. Vyuo vingine vinavyotumia Harvard hutaka mwaka wa ripoti, kwa hiyo soma mwongozo wa chuo chako kwanza.

Mwaka huo unaweza kuharibu hoja nzima. Kesi ya dhamana ya Daudi Pete iko [1993] TLR 22, na Kukutia Ole Pumbun iko [1993] TLR 159. Ukitumia mwaka wa ripoti, zote ni 1993, kana kwamba zilizaliwa pamoja. Kumbe Daudi Pete iliamuliwa 1991, na Pumbun ikaja baadaye ikijenga juu ya kipimo chake cha lini sheria inaruhusiwa kuminya haki. Insha inayoeleza jinsi kipimo hicho kilivyokua haiwezi kuficha mpangilio huo.

Kosa jingine ni namba ya ukurasa. Mtu anasoma hukumu ya kupigwa chapa, ananukuu ukurasa wa 9, kisha anaweka marejeo ya TLR: "[2004] TLR 14, 9". Hilo unaligundua bila kufungua kitabu, maana kesi inaanza ukurasa wa 14. Wa 9 haumo. Lakini akinukuu ukurasa wa 17 wa chapa, kosa linajificha. Kama huna TLR mkononi, taja namba ya rufaa na tarehe ya hukumu, ueleze kwamba kurasa ni za hukumu iliyopigwa chapa.

Kenya imerahisisha. Hukumu ya BBI ya Mahakama ya Juu ni [2022] KESC 8 (KLR): 2022 ni mwaka wa uamuzi, 8 ni namba ya hukumu wala si ukurasa, na unachonukuu unakionyesha kwa namba ya aya. Hiyo Zotero inaimudu.