Jinsi tulivyolinasa kosa la kelvini na Selsiasi

Mdogo wangu alitoka kwenye mtihani wa fizikia akiwa na jibu lililomkosesha raha. Swali lilikuwa hivi: gesi yenye ujazo wa sm³ 300 kwenye 27 °C inapashwa hadi 127 °C, kanieneo haibadiliki. Ujazo mpya ni upi? Yeye alipata sm³ 1,411.

Tulirudia hesabu kwa kikokotoo, ikatoka ileile. Kanuni ya Charles nayo aliiandika sawasawa: V₁/T₁ = V₂/T₂. Kilichotupoteza zaidi ni swali la joto mahususi, ambalo alilipata kwa kutumia nyuzi zilezile za Selsiasi.

Nikamwambia, hebu weka 0 °C mahali pa 27. Kikokotoo kikagoma: huwezi kugawanya kwa sifuri. Lakini gesi ya 0 °C ipo na ina ujazo wake! Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, sikujumlisha 273 kupata kelvini."

Basi 27 ikawa 300 K, 127 ikawa 400 K, na ujazo ukatoka sm³ 400.

Kwenye joto mahususi tunatoa: 127 − 27 ni 100, na 400 − 300 ni 100 vilevile, kwa hiyo kosa halionekani. Kwenye gesi tunagawanya, na hapo 127/27 inakaribia 4.7 wakati 400/300 ni 1.33 tu. Sasa, kabla ya kugusa kikokotoo, anaandika K pembeni ya kila jotoridi la swali la gesi.