Barua ya daktari ya mama kwenda Hija: nilivyoipata kwa mara ya pili

"Mwanangu, habari ya magoti usimwambie daktari." Mama aliniambia hivyo tukiwa bado kwenye bajaji, Februari 2025, tunaelekea kupima afya. Ana miaka 72, ana presha na sukari, na fedha za Hija alizikusanya kidogo kidogo tangu marehemu baba yupo. Alichokihofia si maradhi, ni kuambiwa hapana.

Nikanyamaza kweli, na siku ile tulirudi na barua. Mistari miwili na muhuri: aliyetajwa hapo juu ana afya njema na anafaa kusafiri. Presha ilipimwa, sukari ikapimwa kwa tone la kidole, tukalipa. Haikuchukua dakika 15. Mama alifurahi. Mimi niliisoma usiku nikajiuliza, anafaa kusafiri kwenda wapi? Barua ileile ingemtosha mtu anayekwenda Dar kumtazama mjukuu.

Hija ya mwaka uliotangulia ilikuwa bado haijanitoka kichwani. Juni 2024 joto kwenye Msikiti wa Makka lilifika nyuzi 51.8, na serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301. Wengi wao hawakuwa na vibali, hivyo hawakuwa na mahema ya kupumzikia wala mabasi. Sisi tungekuwa na hema. Lakini hema halimbebi mtu hadi kwenye Jamarati, panaporushwa mawe.

Nikamfuata kiongozi wa msafara wa taasisi yetu, sheikh mmoja aliyekwenda Hija mara nyingi, nikamwomba anieleze safari siku kwa siku na hatua kwa hatua. Tukaandika pamoja ukurasa mmoja. Saayi peke yake, kati ya Safa na Marwa mara saba, ni kilomita tatu na kidogo, juu ya marumaru. Tawafu karibu na Kaaba ni mwendo mfupi, ila ukipandishwa ghorofa za juu kila mzunguko unarefuka sana. Mina hadi Arafa na Arafa hadi Muzdalifa ni basi, lakini foleni ya basi husimamwa juani. Kutoka hema letu la Mina hadi Jamarati sheikh alikadiria kilomita mbili na nusu kwenda, na kurudi hivyohivyo, kwa siku tatu mfululizo. Pembeni nikaandika dawa zote za mama, pamoja na zile alizokuwa akinunua mwenyewe duka la dawa bila kuniambia. Hizo nilizipata kwa kupekua mkoba wake. Mungu anisamehe.

Ukurasa huo ndio niliokwenda nao kwa daktari wa pili, bingwa wa magonjwa ya ndani. Mama alipoingia alipokewa kwa shikamoo na kiti, kisha daktari akausoma ukurasa kimya, mpaka chini. Akasema, "Mama, mimi siandiki kama unafaa au hufai. Naandika unaweza nini. Hebu inuka tutembee."

Akamtembeza kwenye korido kwa dakika sita, kwa mwendo wake mwenyewe, akiruhusiwa kusimama akichoka. Mama alitembea mita 270 na alisimama mara moja, akishika goti la kulia. Hapo siri ya magoti ikaisha yenyewe. Daktari akapiga hesabu mbele yetu: kwa mwendo huo saayi ingemchukua zaidi ya saa nzima bila kupumzika hata mara moja, na hiyo baada ya tawafu. Kifua chake kilikuwa sawa, hakuhema kupita kiasi, na kipimo cha moyo hakikuonyesha tatizo. Kilichomzuia ni goti. Daktari alisema angemwona anahema kwa hatua chache, au anasafishwa figo, au ameanza kupoteza kumbukumbu, asingeandika barua yoyote. Saudia yenyewe haiwapokei mahujaji wenye hali hizo, na kwao kuna Hija ya badali, ya kuhijiwa na mtu mwingine.

Kisha akamvua viatu. Akamgusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki huku mama amefumba macho, aseme kila anapohisi. Kwenye vidole gumba vyote viwili hakuhisi kitu. Miaka ya sukari ilikuwa imeua hisia za pale na mama hakujua. Sakafu ya kuzunguka Kaaba ni marumaru isiyoshika joto sana, lakini ukitoka nje, lami na saruji ya mchana inaunguza ngozi, na asiyehisi hataruka. Basi ikaandikwa kwenye barua: asitembee peku popote nje, na ndani ya msikiti avae soksi. Mwanamke akiwa kwenye ihramu anaruhusiwa soksi na viatu vya kufunika, kwa hiyo hapakuwa na tatizo la kidini. Mimi ndiye niliyebaki na kandambili.

Kwenye dawa ndipo tulipokaa zaidi. Kidonge chake cha presha kilikuwa na losartani iliyochanganywa na dawa ya kukojolesha. Hapa Tanga kinamfaa. Kwenye joto la nyuzi 45, alisema daktari, mwili unatoa maji kwa jasho na kidonge kinayatoa kwa mkojo, na mzee kiu yake huchelewa kuja. Akampa losartani tupu, na si siku ya kuondoka bali wiki sita kabla, tupime presha nyumbani asubuhi na jioni na kuandika daftarini. Ilipanda kidogo wiki ya kwanza, kipimo cha dawa kikaongezwa, ikatulia.

Zile za duka la dawa zilimkasirisha. Diklofenaki kwa ajili ya magoti, kila siku. Alieleza kwamba diklofenaki, losartani na mwili uliokauka maji vikikutana vinaweza kuzima figo ndani ya siku chache. Akaifuta, akaandika parasetamoli na dawa ya kupaka. Ya pili ilikuwa tramadoli, ambayo jirani alimwambia mama ni ya nguvu. Hiyo Saudia inaihesabu kuwa dawa ya kudhibitiwa, na kuingia nayo bila kibali na maelezo ya daktari ni kujitafutia kesi uwanja wa ndege. Ikabaki Tanga. Metformini ikaendelea. Kuhusu glibenklamidi aliandika kwa msisitizo: imezwe chakula kikiwa mbele yake, siyo kikiwa njiani. Chakula cha Mina huja kinapokuja, na sukari ikishuka juani mtu anaanguka, wenzake wanadhani ni joto.

Kitu kimoja hakikutusumbua kabisa. Saa ya Makka na ya kwetu ni moja, hivyo ratiba ya vidonge haikubadilika hata dakika.

Barua yenyewe tuliichukua Mei, baada ya vipimo vya mwisho vya figo na sukari ya miezi mitatu na baada ya chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ambayo lazima itangulie angalau siku 10 kabla ya kufika. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiingereza, na dawa zimeandikwa kwa majina yake halisi, si ya kampuni, maana jina lililo kwenye boksi la Tanga huenda halijulikani Makka. Ilikuwa na kiwango cha kila dawa, majibu ya figo kwa tarakimu, na namba ya usajili ya daktari. Kisha mambo ambayo barua ya kwanza haikuwa nayo: anaweza kutembea mwendo mfupi tu kisha apumzike, tawafu na saayi afanye kwa kiti cha magurudumu, asiwe nje kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, akiwa nje anywe kikombe cha maji kila nusu saa hata bila kiu, akitapika au kuharisha asimamishe losartani na metformini mpaka aonwe na daktari.

Nakala nilimpa sheikh, na nadhani hapo ndipo barua ilipofanya kazi kubwa zaidi. Aliisoma kama mtu wa fikihi. Kiti cha magurudumu kinajuzu kwa mwenye udhuru. Mtume mwenyewe alimruhusu Ummu Salama kutufu akiwa amepanda mnyama. Kurusha mawe nikamwakilishe mimi. Muzdalifa aondoke baada ya usiku wa manane pamoja na wanyonge. Mama alikuwa amekataa kiti kabisa ("nitaonekana nimekwenda kubebwa"), lakini aliposikia kwa sheikh akakubali siku ileile. Kwangu angebisha hadi leo.

Siku ya Arafa, Juni 5, hatukutoka hemani mpaka jua lilipoinama. Shida ilikuwa maji. Nilikuwa namjazia chupa, naikuta imejaa. Mwishoni akaniambia polepole kuwa foleni ya choo ni ndefu na magoti hayamruhusu kuchuchumaa, basi anapunguza kunywa. Hilo halikuwamo kwenye ukurasa wangu, wala daktari hakuuliza, na nadhani ndilo linaloangusha bibi wengi kuliko jua. Dada mmoja wa msafara wetu akajitolea kumsindikiza kwenye choo cha kukalia saa za watu wachache. Tangu hapo chupa zikaanza kuisha.

Tarehe 11 Mfunguo Tatu, Mina, akaharisha. Mara nne kabla ya adhuhuri, na akaanza kujibu maswali kwa kuchelewa. Sikusubiri. Nilimsukuma kwenye kiti hadi kituo cha afya cha karibu, kitambaa chenye maji shingoni. Daktari wa zamu aliomba dawa zake, nikampa barua. Aliisoma, akapima figo, akalinganisha na tarakimu ya Mei, akasema imepanda lakini si mbaya. Bila ile ya Mei asingejua kama ni ugonjwa wa zamani au wa asubuhi ile. Losartani na metformini zikasimama siku mbili, akatundikiwa dripu mbili, akarudi hemani kabla ya magharibi akidai chai.

Tawafu ya Ifadha tukaichelewesha hadi usiku wa tarehe 12. Viti hupelekwa ghorofa za juu, na mizunguko saba ya kule niliisukuma mimi mwenyewe. Siku mbili baadaye mgongo ulikuwa bado unaniuma. Anayeweza akodi kigari cha umeme.

Tuliporudi, mama wa nyumba ya pili, naye ana presha na jina lake limeshaingia kwenye orodha, akaomba nakala ya barua ili aipeleke ikapigwe muhuri. Nimempa ule ukurasa wa safari peke yake, umbali na saa zake, na mstari mpya chini kuhusu vyoo. Sehemu ya dawa nimeiacha tupu.